Visa ya siku 30 Ubelgiji: makaratasi ya lazima na yale ya kusaidia tu

Mama,

Tumesoma masharti ya visa ya muda mfupi (ile ya Schengen) mstari kwa mstari, tukayalinganisha na makaratasi uliyotuachia hapa Lubumbashi wiki jana. Safari yenyewe ni ya kumtembelea binti yako Liège, kuanzia tarehe 6 Julai hadi 4 Agosti 2026. Ukihesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ni siku 30 kamili. Visa ya namna hii inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo kwa upande huo hatuna shida.

Shida iko kwenye pasipoti, na tunaiweka mbele kwa sababu mengine yote yanaingoja.

Pasipoti yako inaisha tarehe 20 Oktoba 2026. Wewe unasema: narudi Agosti, iko sawa. Lakini sharti halihesabu kutoka siku ya kuondoka Lubumbashi; linahesabu kutoka siku utakayotoka Ulaya, kisha linaongeza miezi 3. Tarehe 4 Agosti ukiongeza miezi 3 unafika 4 Novemba. Umepungukiwa na siku 15. Hapo hakuna barua ya kuomba radhi wala maelezo yatakayosaidia. Anza kutafuta pasipoti mpya wiki hii, kabla ya kulipa chochote kingine: wala asiransi, wala rendevu, wala tiketi ya Kinshasa. Namba ya pasipoti inaandikwa kwenye fomu na kwenye asiransi, na ikibadilika katikati, makaratasi hayo unayatengeneza upya. Pasipoti iwe pia na kurasa 2 tupu angalau, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Ile mpya itatimiza yote hayo.

Sasa makaratasi mengine. Watu wanasema "lazima" kana kwamba ni neno moja, kumbe katika sheria ya visa (namba 810/2009) lazima ziko mbili, na ukizichanganya unapoteza pesa.

Lazima ya kwanza ni ya mlangoni. Hii ndiyo inayofanya dosiye yako ipokelewe, hata kabla mtu hajaanza kuisoma. Kwanza, uombe ndani ya muda: si mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Kwako wewe ni kati ya tarehe 6 Januari na 21 Juni. Pili, fomu iliyojazwa na kusainiwa na wewe mwenyewe. Tatu, pasipoti inayofaa. Nne, picha ya milimita 35 kwa 45, ya karibuni, uso unaonekana wote, nyuma kweupe. Tano, alama za vidole 10. Sita, malipo ya euro 90. Kikikosekana kimoja kati ya hivi, ombi halipokelewi: unarudishiwa makaratasi na pesa yako, na hakuna anayesema umenyimwa visa. Ni kama hukuomba.

Alama za vidole ndizo zinazokulazimu kufika Kinshasa mwenyewe. Kijana wako hawezi kukuwakilisha, hata akiwa na barua ya wakili, kwa sababu ni mara yako ya kwanza. Zikishachukuliwa, zinabaki kwenye mashine kwa miezi 59, na ukiomba tena ndani ya muda huo zinaweza kutumika zilezile. Usipake hina kwenye ncha za vidole siku za karibu na rendevu. Na kama umekata kidole jikoni, subiri kipone, maana mashine haisomi kidonda.

Lazima ya pili ni ya mezani. Dosiye imeshapokelewa, sasa mtu anaisoma na kuamua. Hapa masharti hayatoi jina la karatasi moja kila mara. Yanataka uthibitishe mambo manne: kwa nini unasafiri, utalala wapi, nani anagharamia, na kwa nini tuamini kwamba utarudi. Asiransi inaongezeka juu ya hayo. Ukikosa kimoja hapa, dosiye hairudishwi. Inakataliwa, na zile euro 90 zimekwenda.

Asiransi ya safari: kiwango cha chini ni euro 30.000, ilipe matibabu ya dharura, hospitali, na kurudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Iseme wazi kwamba inafanya kazi katika nchi zote za Schengen, si Ubelgiji peke yake. Tarehe zake ziwe 6 Julai hadi 4 Agosti. Kuna wauzaji watakaokwambia ununue siku 45, kwa sababu visa huandikwa na siku 15 za ziada. Si kweli kwamba unazihitaji: siku hizo 15 zinaongeza muda wa kuitumia visa, haziongezi siku za kukaa. Nunua siku 30.

Kwa nini unasafiri, utalala wapi na nani analipa: haya matatu, kwa safari yako, yanabebwa na karatasi moja, kile kiambatisho cha 3bis, yaani ahadi ya kukugharamia ambayo binti yako anasaini huko. Hiyo karatasi ndiyo uti wa mgongo wa dosiye, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Binti anaijaza, anakwenda nayo komini ya Liège, sahihi yake inathibitishwa pale. Anaambatanisha fotokopi ya kadi yake ya ukaazi na fishi za mshahara za miezi 3 ya mwisho. Kisha anakutumia ORIJINALI, kwa mtu au kwa posta ya haraka. Picha ya WhatsApp haitoshi, hata ukiiprinti kwa rangi. Tangu siku ya kuthibitishwa komini una miezi 6 ya kuipeleka. Ikipita, binti anaanza upya. Na yeye ajue anachosaini: anawajibika kwa gharama zako, pamoja na za matibabu na za kukurudisha, kwa miaka 2. Mwambie mapema, asije akashtuka akiwa mbele ya kaunta.

Kama 3bis ikikwama, njia ya pili ni kuonyesha pesa zako mwenyewe. Ubelgiji huhesabu euro 45 kwa siku kwa anayelala kwa ndugu, na 95 kwa anayelala hoteli. Siku 30 kwa binti yako ni euro 1.350. Ziwe kwenye ekstre ya banki yenye mwendo wa kawaida wa miezi kadhaa. Pesa kubwa iliyoingia juzi, bila kujulikana imetoka wapi, inaleta maswali badala ya kuyajibu. Usikope kwa likelemba ili kunenepesha akaunti siku mbili.

Weka pia akte ya kuzaliwa ya binti, inayoonyesha jina lako kama mama yake. Tuliiona: kwenye akte majina yako yako matatu, kwenye pasipoti ni mawili na mpangilio umegeuzwa. Ukitengeneza pasipoti mpya, hakikisha majina yote yanaandikwa kama kwenye akte. Hiyo ndiyo faida pekee ya pasipoti kukusumbua sasa.

Utarudi? Hapa ndipo dosiye nyingi huvunjika, na hapa wewe una nguvu kuliko unavyodhani. Una meza ya vitenge sokoni Mzee Kabila, una nyumba Katuba, una mume na watoto wawili wanaosoma. Yote hayo yanahitaji karatasi: patenti ya mwaka huu (si ya mwaka jana), risiti za kodi ya meza, karatasi za nyumba, akte ya ndoa, atestasyo za shule za watoto. Na uweke rezervasyo ya ndege ya kwenda na kurudi. Tumeandika rezervasyo kwa makusudi. Masharti hayakuombi kununua biyeti kabla ya visa, na sisi hatutakuuzia kabla hujaipata, ingawa ingetuletea faida.

Fungu la tatu ni yale yanayopendekezwa tu. Barua ya kujieleza: si lazima, lakini iandike. Ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, useme nani, wapi, siku gani, nani analipa, nani anabaki kwenye meza ya vitenge. Rejista ya biashara (RCCM): kama unayo iweke, kama huna patenti inatosha; usiende kuifungua sasa kwa ajili ya visa. Ekstre ya mobile money: inasaidia kuonyesha kwamba biashara inatembea, weka kurasa chache, si gombo zima. Mwaliko mwingine ulioandikwa kwa mkono na binti: hauna uzito wowote ukishakuwa na 3bis. Barua ya padri, ya mkubwa wa kata, picha za familia kwenye harusi: acha nyumbani. Afisa ana dakika chache, na karatasi ya kumi na tano isiyo na kazi inafunika ile ya tatu yenye kazi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano haimo kabisa katika masharti ya visa. Lakini ibebe, maana utaulizwa ukiingia tena Kongo.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni dogo: tarehe. Fomu inasema 6 Julai, asiransi inaanza 8, 3bis imeandikwa "mwezi wa saba", rezervasyo ni ya tarehe 5. Kila karatasi peke yake ni nzuri. Zikikaa pamoja zinashtakiana. Siku moja kabla ya kusafiri Kinshasa, panga hizo nne mezani na usome tarehe kwa sauti.

Kuhusu muda: uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu kufika 45 dosiye ikihitaji uchunguzi zaidi. Kwa hiyo tarehe 21 Juni ni mwisho wa kwenye karatasi tu. Mwisho wako wa kweli ni 22 Mei. Rendevu itafute Aprili, pasipoti mpya ikishakuwa mkononi.

Wakikataa, watakupa karatasi yenye sababu zilizowekewa alama. Usiitupe na usikimbilie kuomba tena kesho yake, tuletee. Rufaa ya Ubelgiji ina siku 30 tangu kupewa jibu.

Ukifika Liège, kwa kuwa hulali hoteli, binti akupeleke komini ndani ya siku 3 za kazi mtangaze kufika kwako. Wengi hawaijui hiyo, na inaweza kuulizwa ukiomba visa mara nyingine.

Kesho lete akte ya binti na pasipoti ya zamani, tukuandikie majina kama yanavyotakiwa kabla hujaenda kupiga foleni.