Kupima malaria kwa kaseti: meza ya 2, zahanati, Ahero

Karatasi hii ni ya boksi tulilo nalo sasa: bafa matone 4, dakika 15. Boksi likibadilika, soma maelezo ya ndani kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kuna aina inayotaka matone 2 na dakika 20.

Kabla ya kuchoma
Tazama tarehe ya mwisho. Usifungue pakiti mpaka mgonjwa aketi mbele yako. Kaseti hunyonya unyevu. Andika namba ya rejista na saa juu ya kaseti. Siku moja ya soko tulikuwa na Akinyi wawili na kaseti mbili zisizo na namba. Watoto wote wawili walichomwa upya, na mama zao walikuwa na haki ya kukasirika.

Damu
1. Glavu mpya kwa kila mgonjwa.
2. Kidole cha pete, mkono asioutumia sana. Mtoto mchanga: kisigino.
3. Futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Choma pembeni mwa ncha ya kidole.
4. Sindano iende papo hapo kwenye boksi la vyenye ncha kali. Isilale mezani hata kidogo.
5. Jaza mrija hadi alama (mikrolita 5), gusisha kwenye kishimo cha damu.
6. Chupa ya bafa wima, matone 4 kwenye kishimo chake. Bafa ya boksi lingine hapana, maji hapana.

Mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au asiyeamka vizuri: mwite daktari sasa, usingoje dakika 15.

Kusoma
Soma penye mwanga, dakika 15 zikitimia. Zikipita 30, usisome tena; fungua kaseti nyingine.

*C na T:* ana malaria. T iliyofifia kama penseli iliyofutwa bado ni mstari. Hapa ndipo tunapobishana sana foleni ikiwa ndefu. Usibishane, andika "ana".

*C peke yake:* kipimo hakijaona malaria. Usimpe AL ili tu aondoke. Mwambie: "Mama, kipimo hakioneshi malaria, lakini homa hii ina sababu, tunaitafuta." Mrudishe kwa daktari.

*Hakuna C:* kipimo kimeharibika, hata T ikiwaka. Rudia kwa kaseti mpya.

Uliza kila mara kama alimeza dawa ya malaria wiki chache zilizopita. Kaseti yetu hunasa protini ya vimelea, nayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa vimelea vikishakufa. Aliyemaliza dozi karibuni na T ikatokea, damu yake ikasomwe kwa hadubini.

Andika jibu kwenye rejista kaseti ikiwa bado mkononi, ndipo uitupe kwenye taka za damu.