Taarifa ya Hali Na. 3: Mafuriko ya Mto Matandu, Kata ya Njinjo
Kwa: Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Wilaya ya Kilwa
Jumatano, saa 11:00 jioni

Hali: Maji yamepungua shubiri moja tangu asubuhi, lakini mawingu bado ni mazito upande wa Liwale na mto unaweza kupanda tena usiku. Kaya 212 hazina makazi. Watu 640 wako shule ya msingi. Hakuna kifo kilichoripotiwa. Wazee wawili wa kitongoji cha ng'ambo hawajafikiwa, na hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Yaliyofanyika: Mitumbwi miwili ya wavuvi imevusha watu 87. Wenyeviti wa vitongoji wameorodhesha kaya zote. Mahindi gunia 14 yameliwa. Yamebaki 3, ya kutosha hadi kesho mchana.

Mahitaji ya haraka: boti ya injini na mafuta, unga kilo 1,500, maharage kilo 400, vidonge vya kutibu maji, vyandarua 250, maturubai 100.

Mapungufu: Shule ina matundu 6 ya choo, mawili yamefurika. Leo watoto 9 wanaharisha. Akina mama wanachota maji kwenye dimbwi lililo hatua 20 kutoka vyoo hivyo, kwa kuwa kisima kimezama. Mganga wa zahanati yuko peke yake, chumvi za kuongeza maji mwilini zimekwisha. Tunaomba wahudumu wawili na dawa zifike usiku huu, kabla ya chakula ikibidi kuchagua.

Ofisa Mtendaji wa Kata