Bajeti ya bidhaa za kufungulia duka letu la Pipeline, Nairobi

Kaka,

Hii ndiyo bajeti uliyoniomba. Pesa tulizobaki nazo baada ya kodi, depoziti, rafu na mizani ni shilingi 55,000. Nimeamua bidhaa zichukue 35,626 tu, na najua utauliza kwa nini. Nitafika hapo.

Kwanza nikwambie nilivyopata hesabu. Jioni mbili nimekaa kwa rafiki yangu mwenye kibanda mtaa wa pili kutoka kwetu, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, na kijitabu mkononi. Jioni ya kwanza walikuja wateja 31. Kati yao 19 walinunua vitu visivyofika shilingi 100. Sukari robo, mafuta ya 30, mayai mawili, mkate nusu. Kuna mama alinunua mafuta ya 15 na kipande cha sabuni, akarudi baada ya nusu saa kuchukua majani chai ya 10. Hawa ndio wapangaji wa ghorofa zile, nyumba ya chumba kimoja, na wengi wanalipwa kwa siku. Duka letu ni la kadogo. Kila kitu hapa chini nimekipima kwa macho hayo.

Bei nimeziulizia wiki hii kwa holseli mbili, na nafaka nimeziulizia Nyamakima:

Sukari, gunia 1 la kilo 50: 6,800
Unga wa mahindi, beli 2 (pakiti 24 za kilo 2): 3,240
Unga wa ngano, beli 1 (pakiti 12): 1,860
Mafuta ya kupikia, mtungi wa lita 20: 5,200
Mchele, gunia la kilo 25: 3,300
Maharagwe kilo 10 na ndengu kilo 5, kilo kwa 140: 2,100
Maziwa, pakiti 36 za nusu lita: 1,872
Mikate midogo 20, kila mmoja 58: 1,160
Mayai, trei 4 kwa 390: 1,560
Chumvi, pakiti 20 kwa 18: 360
Majani chai, vipakiti vya 10: 700
Viungo vya mchuzi: 300
Sabuni ya mche, miche 10 kwa 165: 1,650
Sabuni ya unga, vipakiti: 1,400
Tishu, roli 40 kwa 26: 1,040
Pedi, pakiti 12 kwa 62: 744
Dawa ya meno ndogo, 12 kwa 45: 540
Viberiti vya 240 na mishumaa ya 360: 600
Biskuti na peremende: 1,200

Jumla: 35,626

Juu ya hizo ongeza usafiri 1,500, mifuko ya karatasi 650 kwa shilingi 650, na chenji 3,000 za sarafu na noti za 50. Usicheke chenji. Asubuhi mtu akija na elfu moja kununua maziwa na huna chenji, anavuka barabara, na kesho anaanzia huko huko. Hapo tumetumia 40,776. Zinabaki 14,224.

Sasa sukari, maana ndiyo iliyomeza pesa nyingi. Ukigawanya gunia, robo moja inatugharimu 34, na hapa inauzwa 40. Kwa hesabu ya shule tungepata robo 200, lakini mizani ikipendelea mteja kidogo na chembe zikimwagika, kilo moja inapotea. Basi robo 196 kwa 40 ni 7,840. Toa mfuko wa karatasi wa shilingi moja kwa kila robo, kwa sababu plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na sitaki faini dukani kwangu. Tunabaki na 844. Ni faida nyembamba kwa gunia zima, lakini mtu wa sukari ndiye mtu wa majani chai, maziwa na mkate. Asipopata sukari, hivyo vitatu pia anavipeleka kwingine.

Mafuta ndiyo yenye utamu. Kipimo cha mililita 50 kinatugharimu 13, tunauza 15. Vipimo 400 ni 6,000, faida 800 kama mkono hautetemeki. Nitapima mwenyewe wiki ya kwanza, kijana wetu wa dukani asubiri.

Unga wa mahindi hauna kitu. Tunanunua pakiti kwa 135, tunauza 145, faida ya beli zote mbili ni 240. Ndiyo sababu nimeweka beli mbili tu ingawa ulisema tano. Zikiisha siku ya pili, holseli iko umbali wa mkokoteni mmoja.

Maziwa nimeyagawa: pakiti 18 fresh kwa 50 na 18 za muda mrefu kwa 54, kwa sababu hatuna friji. Yale fresh lazima yaishe kabla ya saa sita. Mkate, yule wa gari la kusambaza ameniambia duka jipya halirudishiwi uliolala, kwa hiyo 20 na si zaidi mpaka tuwajue watu.

Vitu ulivyotaka na sijaviweka: soda, kwa sababu kreti inataka depoziti ya chupa, na soda moto hapa hainunuliwi. Kadi za simu, maana kila mtu anajinunulia kwa M-Pesa. Sigara, sheria hairuhusu kuuza moja moja, na hapa hakuna anayenunua pakiti nzima. Makaa yana faida ukiyauza kwa mkebe wa kasuku, lakini vumbi lake juu ya unga litatufukuzia wateja. Losheni na mafuta ya nywele pia hapana. Nikiwa na kile kibanda cha Kariobangi nilinunua losheni za 4,000 ili rafu ionekane imejaa. Miezi mitano baadaye nilikuwa nazipangusa vumbi bado, na sukari imekwisha na sina pesa ya gunia. Rafu yetu itaonekana na mapengo mwanzoni. Nitayaziba kwa kusogeza tishu mbele.

Ndiyo maana ya zile 14,224. Si pesa za dharura, ni za kurudia kununua. Maziwa na mkate tunanunua kila siku. Gunia la sukari likifika nusu, la pili liwe linaulizwa bei. Kitu ambacho hakijauzwa hata nusu kufikia Jumapili ya kwanza hakirudiwi, hata kama mimi ndiye niliyekichagua. Ninaishuku dawa ya meno.

Deni hakuna mwezi wa kwanza. Nimeandika kikaratasi tayari, kitabandikwa ukutani juu ya mizani. Jirani atakasirika, lakini 35,626 ikikopwa na nyumba kumi hatuna duka, tuna daftari.

Tunafungua tarehe 28, mishahara ikikaribia, watu wakiwa bado wananunua kwa robo. Mishahara ikiingia ndipo wanaweza kununua mchele kilo mbili kwa mpigo, tusikose.

Ombi langu moja. Nitumie 40,776 tu kwa M-Pesa. Zile 14,224 kaa nazo kwenye simu yako, na nikizihitaji nitakwambia ni za kununua nini. Nikiwa nazo mkononi najijua, nitaona kitu kizuri pale holseli. Ukijibu kabla ya Jumatano, Alhamisi alfajiri niko Nyamakima.

Dadako