Kwa nini Biubwa alisinzia darasani? Zoezi la kujaza nafasi

Soma hadithi yote kwanza, kabla hujaandika lolote. Kisha jaza kila nafasi kwa kitenzi kilicho kwenye mabano, ukikiweka katika umbo la *alikuwa akisoma*: kitendo kilichoanza kabla, kikaendelea mpaka kufikia wakati tunaousimulia. Ni vitenzi viwili vinavyofuatana, na vyote viwili hubeba kiambishi cha nafsi au cha ngeli. Kila mara jiulize nani au nini kinatenda, maana hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza.

Hadithi

Jumatatu, kipindi cha pili, Biubwa alilaza kichwa juu ya daftari akapitiwa na usingizi. Wenzake walicheka. Mwalimu alimsogelea, na kabla hajamgusa bega alisikia harufu: vidole vya mtoto vilinukia karafuu.

"Jana ulilala saa ngapi, mwanangu?"

"Sikulala, mwalimu."

Kwao ni kijijini, karibu na Wete, Pemba, na msimu ulikuwa umepamba moto. Baba yake na kaka zake (1) ______ (kuchuma) karafuu tangu Alhamisi. Walipanda mikarafuu asubuhi na kurudi magharibi na mapakacha yamejaa. Karafuu haingoji mtu. Tumba likishachanua, thamani yake imeshuka. Kwa hiyo kila usiku, kwa mwanga wa taa, Biubwa na mama yake (2) ______ (kuchambua) mzigo wa siku hiyo, karafuu huku, vikonyo kule. Bibi naye (3) ______ (kuwasimulia) hadithi ili wasisinzie.

Jua (4) ______ (kuwaka) vizuri tangu Ijumaa, na karafuu (5) ______ (kukauka) uani juu ya majamvi, zikigeuka rangi polepole kuwa hudhurungi. Jumapili alasiri wingu likatanda ghafla. Mama aliporudi mbio kutoka kisimani, mvua (6) ______ (kunyesha) kwa dakika kumi, na Biubwa (7) ______ (kuanua) peke yake, jamvi baada ya jamvi, nguo zimemganda mwilini. Majamvi mawili hakuyawahi.

Karafuu iliyoloa ikirundikwa huota ukungu. Wakazitandaza sakafuni, wakawa wanazigeuza mpaka alfajiri. Kulipokucha, mgongo (8) ______ (kumuuma) Biubwa tangu usiku wa manane, na macho (9) ______ (kumwasha) kwa saa nyingi.

"Mimi (10) ______ (kunywa) chai ya tangawizi usiku kucha ili nisilale, mwalimu. Asubuhi nikaja skuli."

"Na zile zilizoloa?"

"Zimepona. Mama anasema hata pishi moja haikupotea."

Mwalimu akamwambia alaze kichwa tena mpaka kengele ilie.

Majibu

1. walikuwa wakichuma
2. walikuwa wakichambua
3. alikuwa akiwasimulia
4. lilikuwa likiwaka
5. zilikuwa zikikauka
6. ilikuwa ikinyesha
7. alikuwa akianua
8. ulikuwa ukimuuma
9. yalikuwa yakimwasha
10. nilikuwa nikinywa

Nafasi ya 4, 8 na 9 ndizo zenye mtego mkubwa. *Jua*, *mgongo* na *macho* si watu, basi a- haina kazi hapo: jua ni *li-*, mgongo ni *u-*, macho ni *ya-*. Aliyeandika "mgongo alikuwa akimuuma" ameufanya mgongo kuwa mtu. Biubwa yumo ndani ya kitenzi, kweli, lakini yumo kama mtendwa, kwenye ile *-mu-* ya *ukimuuma*.

Nafasi ya 5, ukiandika *ilikuwa ikikauka*, nitakupa alama. Karafuu iliyoanikwa watu huitaja kama kitu kimoja, kama wasemavyo "karafuu imekauka". Lakini hadithi inaendelea na *zikigeuka*, kwa hiyo *zi-* inafuatana nayo vizuri zaidi.

Nafasi ya 10 ina kitenzi cha silabi moja. *Kunywa* hubaki na *ku-* katika *ninakunywa* na *nilikunywa*, ila mbele ya *-ki-* hiyo *ku-* huanguka. Ni *nikinywa*, kama *nikila* na *nikija*, si "nikikunywa".

Wapo watakaoandika *walikuwa wanachuma*. Ndivyo tunavyosema kila siku, na hata hadithi yenyewe imesema *wakawa wanazigeuza*. Si kosa, ila katika zoezi hili tunafanyia kazi *-ki-*.

Sasa soma tena nafasi ya 2 ukiweka *walichambua* badala yake. Sentensi inasimama, lakini kazi inaonekana imekwisha, imewekwa kando. *Walikuwa wakichambua* inamwacha Biubwa ameketi mbele ya taa, usiku baada ya usiku, mikono haijatulia, na msomaji anauona usingizi wa Jumatatu ukija tangu mbali.