Mbele ya mlango wangu

Huyo mnayemwona amesimama mlangoni, godoro limeegemezwa ukutani nyuma yake, ni mimi, na chumba hicho nimekipanga mimi. Mkataba una jina langu, kodi imetoka kwenye mshahara wangu, na jana usiku nimelala humo kwa mara ya kwanza. Naandika maneno mengi chini ya picha moja kwa sababu anayeipita haraka ataona ukuta, mlango na mtu anayecheka, basi. Mimi naona miaka yangu yote tangu nilipomaliza masomo.

Miaka hiyo nimekaa kwenye nyumba za watu. Nilianzia kwa shangazi, nikahamia kwa binamu, halafu rafiki niliyesoma naye akanigawia upande mmoja wa chumba chake. Wote walinipokea kwa moyo mweupe na hakuna aliyewahi kunisimanga. Ila aliyewahi kuishi kwa watu anajua jinsi mwili wenyewe unavyojifunza kutochukua nafasi. Unaoga upesi kwa sababu kuna anayesubiri. Mswaki unaurudisha kwenye begi. Nguo zinabaki kwenye sanduku, zimekunjwa vilevile, kwa kuwa kabati lina wenyewe. Unajua kila mtu anaamka saa ngapi na unajipanga katikati ya saa zao. Simu ikiita usiku unatoka nje kuipokea, hata kama kuna baridi. Kitabu unakifunga kwenye sentensi ambayo hujaimaliza, maana taa inamsumbua mwenzako naye ana haki ya kulala.

Jana nimesoma mpaka nikachoka mwenyewe. Nikazima taa nilipotaka. Mswaki uko kwenye kikombe juu ya sinki, na leo asubuhi ulikuwa palepale. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo furaha niliyokuwa nayo nilipouona.

Chumba hiki hakikupatikana haraka, na nashukuru hakikupatikana haraka. Cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa na mlango mzuri wa mbao nzito, kitasa kinang'aa, na karibu nitoe pesa hapohapo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nilipoingia ndani niliona rangi mpya imepakwa nusu ya chini ya ukuta tu, ya juu ni ile ya zamani. Nikaweka kiganja ukutani: ulikuwa wa baridi, na rangi ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge madogo. Unyevu ulikuwa unapanda kutoka chini, na rangi ile ilikuwa imeletwa kuuficha. Nilipomwomba aliyenitembeza tusogeze kabati kidogo, nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umejaa mpaka kwenye kona. Mtu mwenye kifua chepesi kama mimi hawezi kulala humo hata kwa kodi ya bure. Chumba kingine kilikuwa kikavu kabisa, lakini dirisha lake pekee lilitazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono. Hewa ya humo ilikuwa imekaa tu, haiendi wala hairudi.

Hiki changu kina madirisha mawili, moja mbele na moja nyuma. Yakifunguliwa yote upepo unaingia huku na kutokea kule, unausikia kabisa shingoni. Jua la asubuhi linagonga ukuta wa mbele, na hilo ndilo jua mnaloliona kwenye picha, ndiyo maana nimekunja macho. Nilikuja kukiona mchana, nikaomba nije tena usiku. Mchana karibu kila nyumba ni tulivu kwa kuwa watu wako kazini. Usiku ndipo unajua ngazi zinapiga kelele kiasi gani, taa ya nje inawaka au haiwaki, na wewe mwenyewe unajisikiaje kutembea kutoka barabarani mpaka mlangoni peke yako. Nilifungua bomba la sinki na la bafu kwa pamoja nione kama maji yanapungua nguvu. Nilichomeka chaja ya simu kwenye kila soketi, nikabonyeza kila swichi, nikafungua na kufunga kila dirisha. Mwenye nyumba, mzee mmoja mwenye maneno machache, alisimama pembeni akanisubiri bila kukunja uso. Pale nilianza kukipenda chumba.

Mkataba niliusoma na kaka yangu kwenye simu, kifungu kwa kifungu, yeye akiniuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria. Tulikuta mambo matatu hayakuwemo. Ni nani anayelipia fundi bomba likipasuka au umeme ukileta shida? Nikihama, ile amana itarudishwa ndani ya muda gani, na inaweza kukatwa kwa sababu zipi? Na upande wowote ukitaka kuuvunja mkataba, unatoa taarifa mapema kiasi gani? Niliogopa kuyauliza, nikidhani nitaonekana mjuaji kabla hata sijapewa ufunguo. Mzee alisikiliza, akachukua kalamu, akayaongeza kwa mkono kwenye nakala zote mbili, akasaini pembeni ya kila nyongeza na mimi nikasaini. Halafu akaniandikia stakabadhi bila kuombwa. Watu wengi husema kuandikiana ni kutoaminiana. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Tukishaandika, hakuna anayelazimika kukumbuka kwa niaba ya mwenzake, na siku tukitofautiana tutabishana na karatasi badala ya kutukanana.

Siku ya kukabidhiwa tulizunguka chumba pamoja na karatasi moja. Ufa mwembamba juu ya dirisha la nyuma, tumeuandika. Kigae kilichovunjika bafuni, komeo la dirisha lililolegea, alama ya kuungua kwenye ubao wa jikoni, vyote vimo. Namba zilizokuwa kwenye mita ya umeme na ya maji vilevile. Kila kitu nimekipiga picha yenye tarehe na nikamtumia nakala, ili siku ya kuondoka nisidaiwe ufa nilioukuta humu ndani. Hizo ndizo picha zangu za kwanza za nyumba hii. Hii mnayoiona ni ya baadaye.

Mmeshaona nimefumba mkono wa kulia. Ndani yake kuna ufunguo, na nimeufumbata makusudi. Meno ya ufunguo yakionekana vizuri kwenye picha, anayejua kazi hiyo anaweza kuchonga mwingine kwa kuyatazama tu. Kwa sababu hiyohiyo namba ya nyumba nimeikata nje ya picha. Mtanisamehe wale mliotaka kuuona ufunguo wenyewe. Niliwahi kutamani kuupiga picha umelala kiganjani kama watu wanavyofanya, lakini usalama wa chumba hiki sasa ni kazi yangu.

Vitu vilivyo karibu na miguu yangu ni karibu vyote nilivyonavyo: sanduku, boksi la vitabu lililofungwa kamba, ndoo, ufagio, na mfuko wenye sufuria mbili. Kitanda hakipo bado. Pazia la dirisha la mbele ni shuka, limebanwa kwa pini. Nimeamua sitanunua chochote kwa mkopo ili chumba kionekane kimejaa. Nimekipima: mita 3 kwa mita 4. Nimekichora kwenye karatasi ya mistari ya mraba, nikakata vipande vya kitanda, meza na kabati kwa vipimo vyake, na kila jioni nitavisogeza mpaka nipate mpangilio. Mlango unafungukia ndani na unahitaji karibu sentimita 80 za sakafu, kwa hiyo kitanda hakiwezi kukaa upande nilioupenda mwanzoni. Meza itakuja kabla ya kabati. Hilo nimeshaliamua, na itakaa chini ya dirisha la nyuma, penye mwanga usiochoma macho, kwa sababu nataka kurudi kusoma.

Kuna aliyeniambia wiki hii kwamba kodi ni pesa inayopotea, afadhali ningeendelea kubanana na watu mpaka nijenge. Najua alisema kwa kunitakia mema. Lakini pesa hii haijapotea. Imeninunulia usingizi ambao hakuna anayeukatiza, na meza ambayo nitaiacha na vitabu vikiwa wazi nikavikuta vilivyo. Imeninunulia haki ya kulia mlango ukiwa umefungwa na haki ya kualika mtu bila kuomba ruhusa. Kujenga nitajenga Mungu akipenda, ila siwezi kuahirisha kuishi mpaka siku hiyo. Chumba cha kupanga kinafagiliwa na kupendwa kama nyumba nyingine yoyote.

Shangazi, najua utasoma hapa kwa sababu huwa unasoma kila ninachoandika. Ulinipa chumba ambacho wanao walikuwa wanakitaka, na hukuwahi kunikumbusha. Sanduku lililo kwenye picha ni lile ulilonipa. Leo nimelifungua na kulimaliza lote, nguo zote ziko kwenye kamba niliyoitundika nikisubiri kabati, na lenyewe liko tupu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Binamu, asante kwa kunibebea boksi la vitabu mpaka juu bila kulalamika, nalo ni zito. Rafiki yangu uliyenigawia nusu ya chumba chako, sasa kitanda ni chako chote, nyosha miguu. Na kaka, kifungu cha saba ulichokazania ndicho mzee alichokikubali haraka kuliko vyote.

Picha imepigwa na jirani wa mlango wa pili. Nilikuwa najaribu kuisimamisha simu juu ya ndoo akaniona, akasema, "Lete nikupige mimi, mwanangu, na usimame wima, ni kwako hapa." Ndipo nikacheka hivyo mnavyoniona. Akaniambia pia takataka zinachukuliwa siku gani na bomba la nje linafungwa saa ngapi, mambo ambayo hayakuwemo kwenye mkataba wowote.

Mdogo wangu, wewe ambaye bado uko bwenini, kitanda changu kikifika hili godoro ni lako ukija likizo. Sitaligawa kwa mtu. Utalala upande wa dirisha la mbele, na ukitaka kusoma mpaka usiku wa manane, soma.

Wengine wote mnakaribishwa kuanzia Jumamosi ijayo mchana. Kiti ni kimoja kwa sasa, mkeka upo wa kutosha. Kengele ya mlangoni haijatengenezwa, fundi ameahidi wiki ijayo, kwa hiyo pigeni hodi kwa nguvu na msichoke, nikiwa bafuni maji yanapiga kelele na sisikii vizuri.