Things Fall Apart: sura zote 25 za kurudia kabla ya pepa

Dogo, hii hapa kama ulivyoomba. Soma na kitabu kikiwa pembeni, maana pepa ya litricha unajibu kwa Kiingereza na haya maneno yangu ni ya kukuweka kwenye stori tu. Kuna watu wanapitia ile tafsiri ya Shujaa Okonkwo wanajua wamemaliza, wakiingia chumba cha mtihani hata neno la kuanzia insha hawana. Majina nimeyaacha kama yalivyo kitabuni, yakariri hivyohivyo.

Mwandishi ni Chinua Achebe wa Naijeria, kitabu kilitoka 1958. Kina sehemu tatu: sura ya 1 mpaka 13 tupo Umuofia, kwao Okonkwo, mhusika mkuu, 14 mpaka 19 tupo Mbanta uhamishoni, 20 mpaka 25 Okonkwo karudi. Wengi wanakisoma kama stori ya mzungu kuja kuharibu, lakini angalia vizuri, habari za mzungu zinaanza kuwa nzito sura ya 15 uko, nusu ya kitabu imeshapita. Kinachommaliza Okonkwo kipo toka sura ya 1, woga wa kufanana na baba yake. Kila akifanya jambo la ajabu jiulize hapa anaogopa aonekane nani.

Sura ya 1. Okonkwo ana jina kubwa, akiwa na miaka 18 alimwangusha Amalinze, mcheza mieleka ambaye miaka 7 hakuna aliyemgusisha mgongo chini. Baba yake Unoka ni kinyume chake kabisa, mpiga filimbi, mnywaji, madeni kila nyumba. Kuna sehemu tamu hapo: Okoye kaja kudai simbi zake 200 (ndo zilikuwa hela yao), Unoka anacheka mpaka machozi, anamwonesha mistari ya chaki ukutani, kila mstari ni simbi 100 anazodaiwa na wengine, anamwambia nalipa madeni makubwa kwanza. Ukiulizwa tabia ya Unoka tumia hiyo.

Sura ya 2. Mwanamke wa Umuofia kauawa sokoni Mbaino. Okonkwo anatumwa na ujumbe, mchague vita au mtoe fidia, anarudi na binti mmoja na kijana wa miaka 15, Ikemefuna. Binti anapewa mume wa marehemu, Ikemefuna anakaa kwa Okonkwo.

Sura ya 3. Unoka anakufa kwa ugonjwa wa kuvimba, ambao kwao ni chukizo kwa ardhi, hazikwi, anatupwa Msitu Mwovu na filimbi yake. Okonkwo harithi kitu. Anaenda kwa tajiri Nwakibie, anapewa mbegu 800 za viazi vikuu kwa makubaliano ya kugawana mavuno, na mwaka wenyewe ukawa wa jua kali alafu mafuriko, kuna mkulima alijinyonga. Yeye akavuka. Hapa Achebe anataka umheshimu kabla hujamchukia.

Sura ya 4. Ikemefuna anazoeleka, Nwoye mtoto wa kwanza wa Okonkwo anamwona kama kaka. Kwenye Wiki ya Amani Okonkwo anampiga mke mdogo Ojiugo kisa kaenda kusuka hajapika, anatozwa faini: mbuzi jike, kuku, kitambaa na simbi 100. Hiyo ni kosa la kwanza dhidi ya mungu wa ardhi, yahesabu, yanaongezeka.

Sura ya 5 na 6. Sikukuu ya Kiazi Kipya, kesho yake mieleka. Okonkwo sherehe zinamchosha, anatafuta sababu, anampiga Ekwefi mke wa pili na anamfyatulia bunduki, anamkosa. Sura ya 6 mshike Chielo, mama wa kawaida tu anayepiga stori na Ekwefi uwanjani, lakini ndo kuhani wa Agbala, mungu wao wa vilima na mapango anayetoa maamuzi.

Sura ya 7. Hii isome mara mbili. Miaka 3 imepita, nzige wametua kijiji kizima kinafurahi maana wanaliwa, furaha haijaisha mzee Ezeudu anakuja kumwambia Okonkwo kwamba Agbala kaamua Ikemefuna auawe, na wewe usishiriki, huyo mtoto anakuita baba. Okonkwo anaenda. Wanamdanganya anarudishwa kwao, anatembea mbele na mtungi wa pombe kichwani akimwaza mama yake, mtu anamkata kwa nyuma, mtungi unavunjika, anamkimbilia Okonkwo akimwita baba, na Okonkwo anachomoa panga anammaliza. Mwandishi hakufichi sababu, aliogopa kuonekana dhaifu. Usiku ule Nwoye anajua bila kuambiwa, kitu ndani kinakatika, alishawahi kukisikia mara moja alipopita karibu na mapacha waliotupwa msituni wakilia. Hayo mawili (Ikemefuna na mapacha) yabebe mpaka sura ya 16.

Sura ya 8. Okonkwo siku mbili hali chakula. Anaenda kwa rafiki yake Obierika, ambaye anamwambia wazi mimi ningebaki nyumbani. Obierika ni mtu anayefikiri, Okonkwo ni mtu wa kutenda, swali la kulinganisha wahusika likija ni hawa wawili. Humohumo kuna posa ya binti wa Obierika, mahari wanapatana kwa vijiti bila kelele.

Sura ya 9. Ezinma anaumwa homa usiku. Mama yake Ekwefi alizaa 10, wamekufa 9, wanaamini ni ogbanje, mtoto anayekufa na kurudi. Mganga Okagbue anafukua kijiwe chake kinachomfunga na ulimwengu ule. Okonkwo anampenda Ezinma kuliko wote, anasikitika tu hakuzaliwa wa kiume.

Sura ya 10. Kesi ya Uzowulu aliyekuwa anampiga mkewe Mgbafo, majaji ni egwugwu, wanaume waliovaa vinyago wakisimama kama mizimu ya mababu. Wewe umekulia Newala, midimu umeiona, unajua ni jirani yako yupo mule ndani na hakuna anayethubutu kusema. Ndivyo ilivyo hapa, wake wa Okonkwo wanaona egwugwu mmoja anatembea kama mume wao, wananyamaza. Bila kuelewa hilo sura ya 22 haitakushtua.

Sura ya 11 na 12. Ngano ya kobe na ndege, alafu Chielo anapandwa na roho ya Agbala na kumbeba Ezinma usiku kwenda pangoni, Ekwefi anawafuata gizani. Okonkwo naye anatokea na panga lake, kimyakimya, hapo ndo unaona ana moyo. Ya 12 ni sherehe ya harusi kwa Obierika, pitia tu.

Sura ya 13. Msiba wa Ezeudu, yuleyule aliyemwonya. Bunduki ya Okonkwo inapasuka kwenye mazishi, inamuua mtoto wa marehemu wa miaka 16. Kosa la bahati mbaya, adhabu miaka 7 uhamishoni kwa ndugu wa mama. Asubuhi watu wanabomoa na kuchoma boma lake, Obierika yumo, bila chuki, wanasafisha ardhi. Baadaye anakaa anajiuliza, mtu aadhibiwe hivi kwa kitu ambacho hakukusudia? Na mapacha wake aliowatupa walikosa nini? Kijiji kimeanza kujiuliza chenyewe kabla mzungu hajafika, andika hiyo kwenye insha.

Sura ya 14. Mbanta, anapokelewa na mjomba wake Uchendu. Sisi huku Wamakonde, Wamakua na Wamwera ukoo unaenda kwa mama na mjomba ndo mwenye neno, kwahiyo unaweza usione aibu iko wapi. Waigbo wa kitabuni ukoo ni wa baba, mwanaume kurudi kwa wajomba ni kushuka. Uchendu anamuuliza kwa nini mtoto anaitwa Nneka, yaani mama ni mkuu: raha zako ziko kwa baba, ukipigwa unakimbilia kwa mama. Okonkwo hasikii.

Sura ya 15. Obierika anamletea hela za viazi vyake na habari ya Abame: walimuua mzungu wakaifunga baiskeli yake mtini, wenzake wakaja siku ya soko wakamaliza watu.

Sura ya 16 na 17. Wamisionari. Mkalimani anachekesha, lahaja yake kila akitaka kusema "mimi" inatoka "matako yangu". Lakini Nwoye anasikia wimbo wa ndugu waliokaa gizani, moja kwa moja anawaza Ikemefuna na wale mapacha. Hajaelewa Utatu wala nini, kaelewa wimbo. Wazee wanawapa kanisa kiwanja kwenye Msitu Mwovu wafe, siku 28 zinapita hawafi, watu wanaanza kuingia, akiwemo mama aliyekuwa anatupiwa mapacha kila akizaa. Okonkwo anamkaba Nwoye, Nwoye anaondoka moja kwa moja.

Sura ya 18. Osu, watu waliotengwa, wanapokelewa kanisani na kunyolewa nywele walizokatazwa kunyoa. Hapa kumbuka Masasi: 1876 misheni ya Waanglikana ilianza na watumwa walioachiwa huru walioletwa kutoka Zanzibar. Dini mpya ilianza na waliokuwa hawana pa kwenda, na Achebe anasema hilohilo. Ukipenda litaje kwa sentensi moja tu, usije ukageuza litricha kuwa historia.

Sura ya 19. Karamu ya kuaga.

Sura ya 20. Anarudi Umuofia hakuna anayemshangilia. Kuna kanisa, mahakama, mkuu wa wilaya na kotma, matarishi wa mahakama wanaochukiwa. Obierika anaeleza kwamba ndugu zetu wenyewe wameshajiunga, tutampigaje mzungu bila kuwapiga wao?

Sura ya 21. Mmisionari wa Umuofia, Mr. Brown, ni mpole, anajadiliana na mzee Akunna habari za Mungu, anajenga shule. Duka limefunguliwa, mawese yana bei, watu wanapata hela. Nwoye sasa ni Isaac, yuko chuo cha ualimu.

Sura ya 22. Brown kaondoka mgonjwa, kaja Smith, kwake ni nyeusi au nyeupe. Enoch, muumini mwenye pupa, anamvua egwugwu kinyago hadharani, kwao ni kuua mzimu wa babu. Mizimu yote inakusanyika, inabomoa boma la Enoch na kanisa, Smith haguswi. Misheni za Nyangao na Masasi nazo zilichomwa 1905 kwenye Majimaji, kwahiyo kwetu sio mbali sana.

Sura ya 23. Mkuu wa wilaya anawaita viongozi sita kwa mazungumzo, anawafunga pingu, Okonkwo yumo. Wananyolewa, wanapigwa. Faini mifuko 200 ya simbi, kotma wakaitangaza 250, 50 mfukoni mwao.

Sura ya 24. Mkutano mkubwa, Okika anaongea, matarishi watano wanatokea kuuzuia. Okonkwo anamkata mkubwa wao. Watu wanawaacha wanne wakimbie, na anasikia sauti ikiuliza kwa nini kafanya vile. Anafuta panga kwenye mchanga anaondoka. Kijiji hakitapigana, na kajua.

Sura ya 25. Mkuu wa wilaya anakuja kumkamata, Obierika anampeleka nyuma ya boma, Okonkwo kajinyonga. Kujiua ni chukizo kwa ardhi, ndugu hawaruhusiwi kumgusa, wageni ndo wamzike. Yaani mtu aliyekimbia kivuli cha baba yake maisha yote anaishia kama yeye, bila kuzikwa na watu wake. Obierika analia kwa hasira. Mkuu wa wilaya yeye anawaza kitabu anachoandika, huyu atampa aya moja. Sisi tumesoma sura 25, yeye anatosha aya, hiyo kejeli ukiiandika vizuri mwalimu lazima akae vizuri kwenye kiti.

Muda ukikubana rudia kitabuni 7, 13, 16, 22 na 24. Na andika Ikemefuna kwa "e" mbili, mara ya mwisho uliniandikia Ikimefuna.