Daftari la Mapenzi la Mateo

Mateo, haya ndiyo maneno uliyokuwa ukiniuliza tangu ulipoanza kumfuatia Zuhura. Sikuyapanga kwa alfabeti. Nimeanza na yale yanayoweza kukuponza zaidi.

Nakutaka. Lifute. Najua Kihispania chenu kina kitenzi kimoja kinachobeba kutaka na kupenda pamoja, ndiyo maana lilikutoka. Kwetu ukimwambia mwanamke "nakutaka" anaelewa unataka mwili wake, tena leo. Zuhura alikwambia "ngoja kwanza" akabadilisha mazungumzo. Si kwamba aliona haya, alikuwa anakupa nafasi ya kujirekebisha.

Nakupenda. Yeye yumo tayari ndani ya neno, kwenye *-ku-*. "Ninapenda wewe" ni sentensi ya mgeni, kila mtu atakuelewa na kila mtu atacheka. Ila "nakupenda *wewe*", kwa kukazia mwisho, ni sahihi na ina makali yake: wewe, si yule rafiki yako. Itunze kwa siku atakapoona wivu.

Nimekupenda. Hili ndilo la kutamka mara ya kwanza. Wakati wake unasema jambo limekwisha kutokea na bado lipo, kama "nimechoka" au "nimelewa". Chunga ulimi usiteleze ukasema "nilikupenda", maana hilo huaga.

Nimekupenda bure. Yaani hukunipa kitu, hukunifanyia lolote, nimekupenda tu. Watu humwambia hata mtoto wa jirani, kwa hiyo ni jepesi. Litumie mkiwa mnacheka.

Nakupendea… Hapa ndipo nataka ukae sana. Hiyo *-e-* moja inaleta sababu: "Nakupendea upole wako." "Nakupendea unavyonyamaza kabla ya kujibu." Kusema "u mrembo" hakuhitaji kumjua mtu, anayesema "nakupendea" lazima awe amemtazama. Andika tano zako mwenyewe, usiniombe mimi. Ile uliyonionyesha, "nakupendea sauti yako ukiwa na usingizi", ni nzuri kuliko yoyote ambayo ningekutungia.

Umependeza. Leo, kwa nguo hiyo. Unapendeza ni kila siku. Akiwa amehangaika kujipamba, mwambie la kwanza. La pili utaonekana hukuona tofauti.

Nimekumisi. Neno la kuazima, la ujumbe wa simu, halina shida. La ndani zaidi ni "nimekukumbuka" au "nina hamu ya kukuona". Hiyo "ya kukuona" usiikate, kwa sababu "nina hamu nawe" peke yake inakurudisha kwenye "nakutaka". Na "nimekukosa" maana yake ulikwenda ukakuta hayupo.

Pole. Hii si ya kuomba radhi! Ulichelewa saa nzima, ukamwambia "pole", akakujibu, "Pole ya nini, kwani nimejichelewesha mwenyewe?" Pole hupewa mtu aliyepatwa na jambo, nawe ndiwe uliyekuwa jambo lenyewe. "Samahani" ni ya kumkanyaga mguu. Ukimuumiza moyo, sema "nisamehe", kisha usiongeze "lakini".

Mpenzi, kipenzi, laazizi. Mpenzi inatosha siku zote, ingawa hata shabiki wa mpira ni mpenzi wa timu. Laazizi ina harufu ya ushairi. "Kipenzi mkalia ini" mtamkie kwa utani kwanza uone anavyopokea. Usiniulize kwa nini ini, ndiko mahaba yetu yalikokaa. Mchumba acha mpaka mmekubaliana kuoana. Na usimwite dada, hata kwa heshima, maana utakuwa umejifungia mlango mwenyewe.

*Ya kusikiliza, si ya kusema:* "Nitafikiria" ikisemwa huku anatazama pembeni ni hapana yenye adabu. "Wewe ni kama kaka yangu" ni hapana isiyo na rufaa. "Una maneno wewe!" na kicheko, endelea. Ukimwambia nakupenda akajibu "haya", nyamaza, usirudie. Naye akikwambia nakupenda, usijibu "asante". Sema "nami nakupenda", kama ni kweli.

Lala unono. Kwa usiku. Fupi, tamu, haina mtego.

Naomba tuoane. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, kwa hiyo wewe ukisema "nataka kuolewa nawe" atacheka mpaka asahau kujibu. "Tuoane" inawabeba wote wawili. Usiiandike kwenye simu. Itamke polepole, mkiwa mmekaa, halafu ufunge mdomo umsubiri.